Ughaibuni Hauna Anwani: Achague Mji Kabla ya Bendera

Mtu wa Rwamishenye akiamua kuondoka nyumbani kutafuta maisha ndani ya Afrika Mashariki, hutaja mji. Husema anakwenda Mwanza, au Dar es Salaam, au Kampala. Anajua kwamba Kampala, kwa njia ya Mutukula na Masaka, iko kiasi cha kilomita 300 tu, ilhali Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Anajua shangazi yake anaishi mtaa gani, chumba kinapangishwa kwa kiasi gani, na ni nani atakayempokea stendi. Hata siku moja humsikii akisema, "Nahamia Uganda," akaishia hapo. Wenzake wangemcheka na kumuuliza: Uganda ipi?

Mtu huyohuyo akielekeza macho ng'ambo ya bahari, hekima hii humtoka. Sasa hutaja bendera. "Nakwenda Ujerumani." "Nakwenda Kanada." Familia hukaa kikao kwa jina la nchi, michango hukusanywa kwa jina la nchi, na mara nyingine sehemu ya kibanja huuzwa kwa jina la nchi. Wanafunzi wanaohitaji barua ya kupendekezwa chuoni huniambia nchi wanayoitaka bila kusita. Nikiwauliza mji, wengi hutaja ule walioona kwenye mpira.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Nchi humpa mhamiaji ruhusa ya kuingia, lakini maisha yenyewe hupimwa mjini. Anayechagua nchi na kuuachia mji ujichague wenyewe ameamua jambo dogo na kuliacha kubwa. Nitaijenga hoja hii kwa mfano wa Ujerumani, kwa sababu ndiko vijana wengi wa Kagera wanakoelekea wakitafuta elimu isiyo na ada, na kwa sababu mkoa wetu una historia na mji mmoja wa huko ambao karibu hakuna anayeutaja.

Kipi ni cha taifa, kipi ni cha jimbo, kipi ni cha mji

Njia nzuri ya kuanza ni kuuliza, kwa kila ahadi na kila gharama, ni nani anayeipanga. Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16, kwa hiyo majibu huwa matatu.

Yako mambo yanayopangwa na taifa zima. Tangu Septemba 2024, mwanafunzi anayeomba viza kwa kawaida hutakiwa kuonyesha kwamba ana euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa kila mwezi. Fedha hizo huwekwa katika akaunti maalumu iliyofungwa, naye huruhusiwa kutoa fungu la mwezi mmoja tu kwa wakati. Kwa shilingi zetu, hiyo ni zaidi ya milioni 30. Taifa pia ndilo linaloweka kima cha chini cha mshahara, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Ndilo linaloamua kwamba mwanafunzi wa kigeni anaweza kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Na ndilo linalompa mhitimu wa chuo cha huko miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake.

Yako yanayopangwa na jimbo, na kubwa kati ya hayo ni ada. Usemi kwamba "Ujerumani hakuna ada" ni wa kweli kwa vyuo vya umma katika majimbo mengi, si yote. Jimbo la Baden-Württemberg, ulipo mji wa Stuttgart, tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi wapya kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Bavaria ilibadili sheria yake na kuviruhusu vyuo vijiamulie. Matokeo yake yaonekana katika mji wa Munich. Tangu muhula wa baridi wa 2024/25, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich huwatoza wanafunzi hao euro 2,000 au 3,000 kwa muhula katika shahada ya kwanza, na euro 4,000 au 6,000 katika uzamili, ingawa upo utaratibu wa misamaha. Jirani yake katika mji uleule, Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian, hakikufuata njia hiyo. Kijana aliyeambiwa tu kwamba Ujerumani ni bure hana namna ya kujua tofauti hiyo hadi barua ya malipo imfikie.

Yako, mwisho, yanayopangwa na mji: kodi ya chumba, urefu wa foleni katika ofisi ya wageni, umbali wa viwanda, wingi wa watu wanaozungumza lugha yako, na namna jirani anavyokutazama kwenye basi. Haya hayaandikwi katika fomu ya viza, nayo ndiyo yatakayoamua kama kijana atamaliza masomo au atarudi nyumbani kimyakimya.

Hesabu ya Munich na hesabu ya Bielefeld

Tumchukue binti wa kubuni kutoka Muleba, mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, aliyepata nafasi za uzamili katika miji miwili. Mmoja ni Munich, wenye watu milioni moja na nusu, unaojulikana duniani kote. Mwingine ni Bielefeld, wenye watu zaidi ya 330,000, katika jimbo la Rhine Kaskazini-Westfalia, ambako vyuo vya umma havitozi ada ya masomo. Ili tusiuonee mji wowote, tuseme Munich amepata nafasi katika chuo kisichotoza ada. Tofauti inayobaki ni ya mji peke yake.

Kila mwezi akaunti yake itamtolea euro 992, awe Munich au Bielefeld. Serikali haikupiga hesabu mbili. Lakini chumba katika nyumba ya kushirikiana na wenzake, pamoja na gharama za joto na umeme, katika Munich ni karibu euro 800. Bima ya afya, ambayo ni ya lazima kwa kila mwanafunzi, ni karibu euro 150. Hapo zimebaki euro 42, naye hajala, hajapanda treni, hajanunua koti la baridi.

Bielefeld chumba cha aina hiyo tukikadirie kwa euro 400. Toa bima ileile ya 150, zinabaki 442. Toa tena mchango wa muhula, ambao ni kiasi cha euro 300 na ushei kwa miezi sita na ambao ndani yake mna tiketi ya usafiri, zinabaki karibu 385. Kwa fedha hizo mtu anayejipikia anaweza kula, kulipia simu na kununua vitabu. Haishi kifahari, lakini analala bila deni.

Atakuja mtu aseme kwamba huyo wa Munich atafanya kazi. Ni kweli, na sheria inamruhusu. Tuipige basi hesabu hiyo pia. Tofauti ya kodi ni euro 400 kwa mwezi. Kwa kima cha chini cha mwaka 2025, hizo ni saa 31 za kazi, yaani saa saba na zaidi kila wiki: karibu siku moja nzima ya kazi katika kila wiki ya mwaka, pamoja na wiki za mitihani, kwa ajili ya kufidia tofauti ya chumba tu. Kwa miaka miwili ya uzamili tofauti hiyo hufikia euro 9,600, zaidi ya shilingi milioni 25. Hapo ndipo penye fundisho: mshahara wa saa moja wa kuosha vyombo umewekewa chini yake na taifa, lakini kodi ya chumba imewekwa na mji. Mji ghali haumlipi mwosha vyombo kwa kiasi cha ughali wake.

Upo mtego mwingine ambao hujulikana tu kwa waliokwisha kunaswa. Mwenye nyumba wa Ujerumani hudai amana, ambayo kisheria yaweza kufika miezi mitatu ya kile wanachokiita kodi baridi, yaani kodi kabla ya kuongeza gharama za joto na huduma. Kwa chumba cha Munich ambacho kodi yake baridi ni euro 700, amana yaweza kuwa 2,100. Ongeza kodi ya mwezi wa kwanza, unapata 2,900. Akaunti iliyofungwa itamtolea 992. Fedha zake zipo, anaziona kwenye simu, lakini hawezi kuzigusa. Sheria inamruhusu mpangaji kuilipa amana kwa mafungu matatu ya mwezi, na anayeijua haki hiyo anaweza kuidai; bado mwezi wa kwanza utamshinda asipokuwa na akiba ya pembeni. Bielefeld, kwa kodi baridi ya euro 320, amana haizidi 960, na pengo hilo familia yaweza kuliziba.

Katika uhaba wa vyumba ndipo matapeli hustawi. Dalili yao ni moja kila mahali: chumba ni kizuri kuliko bei yake, mwenye nyumba anadai yuko nchi nyingine, na ufunguo atautuma kwa posta pindi amana itakapoingia. Anayetuma fedha kutoka Muleba kwa sharti hilo hatapata chumba. Dawa yake ni kuomba mapema nafasi katika mabweni ya shirika la huduma za wanafunzi la mji husika, ambayo huwa nafuu kuliko soko. Na hapa pia mji ndio unaosema: katika miji mikubwa foleni ya mabweni hupita muhula mzima na zaidi, kwa hiyo barua ya kupata chuo isichukuliwe kuwa ni barua ya kupata kitanda.

Waajiri walio umbali wa treni moja

Wengi wataniambia kwamba Munich kuna kazi. Kuna kazi, tena nzuri; BMW na Siemens wana makao yao makuu huko, na mishahara ya wahandisi wa Munich ni ya juu. Hilo lina uzito wa kisheria pia, kwa sababu kibali cha ukaazi cha wataalamu kina kiwango cha mshahara kilichowekwa kwa taifa zima, na ni rahisi zaidi kukifikia mahali penye mishahara mikubwa. Mwenye ufadhili kamili unaomlipia chumba asisite kwenda Munich. Nisemalo ni kwamba umaarufu wa mji si ushahidi wa wingi wa nafasi kwa mgeni, na ukimya wa mji si ushahidi wa ukosefu wake.

Chukua Bielefeld na vitongoji vyake, eneo wanaloliita Westfalia ya Mashariki na Lippe. Dr. Oetker, wazalishaji wa vyakula, wako Bielefeld penyewe. Gütersloh, mwendo wa dakika chache kwa treni, kuna Miele, watengenezaji wa mashine za kufulia, na Bertelsmann, kampuni ya vitabu na habari. Harsewinkel kuna Claas, ambao mashine zao za kuvunia ngano zinajulikana mabara yote. Blomberg kuna Phoenix Contact, na Detmold kuna Weidmüller, wote wakitengeneza viunganishi na vifaa vya kuendeshea mitambo ya viwandani. Ni kampuni za familia au zilizoanza kama za familia, zinazoishi katika miji midogo ambayo jina lake halitamkwi na mtangazaji wa mpira. Zinahitaji waandishi wa programu kila mwaka. Tiketi ya mwanafunzi niliyoitaja inamfikisha kwao kwa treni na mabasi ya mkoa bila kulipa nauli ya ziada, na hilo ndilo linalomwezesha kufanya mafunzo ya vitendo akiwa bado anasoma, badala ya kuanza kutafuta miezi 18 ikishaanza kuhesabiwa.

Wakulima wa Kagera wanalielewa jambo la pili kuliko wachumi wengi. Kibanja kizuri hakina zao moja. Ndani yake mna migomba, mna kahawa, mna maharage na magimbi, ili ugonjwa wa zao moja usilete njaa. Mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba mwaka 2006, tulijifunza tena kwa uchungu maana ya kutegemea mgomba peke yake. Miji nayo iko hivyo. Wolfsburg ni mji wa watu wapatao 125,000, na uhai wake ni Volkswagen. Desemba 2024 kampuni hiyo na chama cha wafanyakazi walikubaliana kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani hadi mwaka 2030. Mtaalamu aliyepoteza kazi katika mji wa namna hiyo hana mlango wa pili wa kubisha, na mgeni ambaye kibali chake kimefungamana na ajira hana muda mrefu wa kubisha. Westfalia ya Mashariki nayo ina misukosuko. Miele walitangaza mwaka 2024 kwamba wanahamishia Poland sehemu ya kazi ya kuunganisha mashine za kufulia. Tofauti ni kwamba aliyeguswa na hilo anaweza kupanda treni ileile na kushuka kituo kingine. Kwa hiyo swali la kuuliza si "je, kuna kampuni kubwa?" bali "kampuni ya kwanza ikifunga, ya pili iko wapi?"

Lipo sharti ambalo lazima liwekwe wazi. Berlin mtu anaweza kuishi miaka na kupata kazi ya kompyuta kwa Kiingereza. Katika mji wa kadiri ya Bielefeld au Detmold, mkutano wa asubuhi huendeshwa kwa Kijerumani. Unafuu wa kodi hulipwa kwa lugha. Asiye tayari kufikia kiwango cha B2 kabla ya kuhitimu asijidanganye kwamba viwanda vya jirani ni vyake.

Ukubwa, watu na hali ya hewa

Mji mkubwa humpa mgeni watu wa kwao. Berlin na Hamburg atapata Waafrika wa Mashariki, duka la unga, msikiti au kanisa lenye ibada kwa Kiswahili au Kiingereza. Hilo si jambo dogo. Upweke umewarudisha wengi kuliko njaa. Lakini mji mkubwa una foleni zake, na foleni mbaya kuliko zote ni ya ofisi ya wageni, ambako kibali cha ukaazi huongezwa muda. Miadi ya kusubiriwa miezi humwacha mwanafunzi akiwa na karatasi iliyokwisha muda, na mwajiri anayeiona karatasi hiyo husita. Kabla ya kuchagua mji, ulizia kwa wanafunzi waliopo miadi yao ilichukua muda gani. Ni swali dogo, na jibu lake linaweza kuwa na thamani kuliko nafasi ya chuo katika orodha za dunia.

Kwa mtu wa Kagera, jamii isihesabiwe kwa idadi ya Watanzania peke yake. Misheni ya Bethel, ambayo jina lake linatokana na Bethel ya Bielefeld, ilianza kazi Buhaya mwaka 1910. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia, alisoma teolojia huko Bethel. Historia hiyo ina mazuri na ina ya kuhojiwa, kama historia yote ya misheni chini ya ukoloni. Lakini kwa sababu yake, katika Bielefeld wapo wazee wanaolijua jina Bukoba bila kufungua ramani, na kiungo kati ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi na makanisa ya huko bado kipo. Mtu wa dini yoyote anaweza kujiuliza swali la aina hii: katika mji huu, ni nani ambaye tayari ana sababu ya kunifungulia mlango?

Siasa ya mahali nayo ni sehemu ya jamii, na tusione haya kuitaja. Septemba 2024 chama cha mrengo mkali wa kulia, AfD, kilishika nafasi ya kwanza katika uchaguzi wa jimbo la Thuringia kwa karibu theluthi moja ya kura. Mzazi akisikia hivyo atataka kulifuta jimbo lote. Lakini ndani ya Thuringia hiyohiyo uko mji wa Jena, mji wa chuo kikuu na wa Zeiss, mabingwa wa darubini na lenzi, ambako kura za chama hicho zilikuwa chache kuliko katika jimbo kwa jumla na wanafunzi wa kigeni wamezoeleka mitaani. Hukumu ya haki, hapa pia, hutolewa kwa mji. Hata hivyo anayeishi Jena atatoka nje ya Jena, kwa hiyo aulize pia habari za treni ya usiku.

Hali ya hewa nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa uzito wake hutegemea nchi. Ndani ya Ujerumani tofauti si kubwa kiasi cha kubadili uamuzi. Bukoba jua huchomoza na kutua kwa saa zilezile mwaka mzima. Bielefeld katikati ya Desemba mchana hauzidi saa nane, na Munich unazidi kidogo tu. Giza hilo humlemea mtu wa ikweta kuliko baridi yenyewe, na atalikuta popote. Kanada ni jambo jingine. Wastani wa joto wa Januari katika Winnipeg ni chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na katika Vancouver ni nyuzi kadhaa juu ya sifuri. Lakini kodi ya Vancouver ni miongoni mwa zilizo ghali kabisa nchini humo. Huko kijana analipia hewa kwa kodi, au analipia kodi kwa hewa, na neno "Kanada" halimwambii lolote kati ya hayo.

Mchagua jembe na mchagua shamba

Nimesikia pingamizi moja mara nyingi. Wasema kwamba maskini hana anasa ya kuchagua. Mlango ukifunguka, ingia. Mchagua jembe si mkulima. Naiheshimu methali hiyo, lakini iangaliwe inasema nini. Mkulima hachagui jembe, ila shamba analichagua kwa macho makali. Hakuna Mhaya apandaye kahawa kwenye rweya, ile mbuga yetu ya nyasi na udongo hafifu, kwa sababu tu rweya ilikuwa karibu au ilisifiwa na mpita njia. Tena tajiri akikosea mji, hukodi gari la mizigo akahamia mwingine. Maskini akikosea mji, kosa hilo ni la mwisho, maana kibanja hakiuzwi mara mbili. Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo ndiye anayelazimika zaidi kuchagua kwa makini.

Pingamizi jingine ni kwamba taarifa hizi hazipatikani kwa mtu wa kijijini. Hapo lawama si ya kijana. Matangazo ya ufadhili yanayobandikwa katika ofisi zetu za umma yamepangwa kwa nchi. Maonyesho ya vyuo vya nje hupangwa kwa nchi. Wakala wa vyuo, ambaye mara nyingi hulipwa kamisheni na chuo anachokipigia debe, hana sababu ya kumweleza mteja kwamba chuo hicho ni cha binafsi, kina ada kubwa, na kiko katika mji usio na vyumba. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anaweza kurekebisha hilo bila bajeti mpya: kila tangazo la nafasi ya masomo nje lifuatane na ukurasa mmoja wa mji, wenye kodi ya wastani ya chumba, ada ya jimbo ikiwa ipo, lugha ya kufundishia, amana ya mwezi wa kwanza, na waajiri walio ndani ya saa moja kwa treni. Mwanaharakati anayepigania vijana wasidanganywe na mawakala anaweza kudai ukurasa huo uwe sharti la kuwapa leseni.

Na familia zetu nazo zina kazi. Kikao cha ukoo kinapoitishwa kujadili safari ya mtoto, mzee mmoja aombe kalamu, aandike jina la mji juu ya karatasi, kisha chini yake aandike fedha zitakazotoka kwenye akaunti kila mwezi, atoe kodi ya mji huo, atoe bima, atoe nauli. Kinachobaki ndicho kijana atakachokula. Kama kilichobaki hakimtoshi, kikao kisiseme Ujerumani imeshindikana. Kiandike jina la mji mwingine, kianze hesabu upya.